Zana imesema “nimeshakata video yako”: pima kama kweli imekata

Malalamiko haya huja kwa sura moja. Mtu amepakia video kwenye zana ya akili mnemba na kuomba kipande fulani kiondolewe. Anajibiwa kwa maneno ya kujiamini: “Tayari, nimeondoa sehemu uliyotaja na kurekebisha sauti.” Anaitafuta video hiyo, haioni. Au anaiona, anaifungua, na anashindwa kujua kama ni mpya au ni ile ile aliyoipakia.

Zana nyingi za mazungumzo zina ustadi mkubwa wa kueleza namna video inavyokatwa, na baadhi tu zina uwezo wa kugusa faili lenyewe. Tatizo ni kwamba zote mbili hujibu kwa lugha ile ile. Kwa hiyo usihukumu kwa kusoma jibu. Hukumu kwa kulipima faili, na ulipime kwa namna inayoitendea zana haki pia, maana wapo wanaoiita zana mwongo wakati kosa liko kwenye folda yao ya vipakuliwa.

Kwanza, tengeneza video ambayo majibu yake unayajua

Usianze na video ya harusi wala ya kikao. Kwenye picha za kawaida ni vigumu kujua kama kilichoondolewa ni sekunde ya 23 au ya 25. Tengeneza video ya kipimo ambayo kila sekunde ina namba yake na sauti yake. Kama una `ffmpeg`, programu ya kuhariri video kwa amri za maandishi, kwenye kompyuta, amri hii inatosha:

```
ffmpeg -f lavfi -i testsrc=duration=60:size=640x360:rate=25 -f lavfi -i "aevalsrc=0.1*sin(2*PI*(200*t+5*t*t)):d=60" -pix_fmt yuv420p jaribio.mp4
```

Utapata video ya sekunde 60 yenye fremu, yaani picha tuli, 25 kwa sekunde, jumla fremu 1,500. Juu ya rangi kuna namba kubwa inayohesabu sekunde. Sauti inaanza chini, kwenye 200 Hz, na kupanda 10 Hz kila sekunde bila kukatika. Kipande chochote kikiondolewa, jicho litaona namba ikiruka na sikio litasikia mlio ukiruka.

Sasa andika ombi moja: “Ondoa kuanzia sekunde ya 23 hadi ya 31, unganisha pande mbili zilizobaki, unipe faili la mp4.” Kabla ya kulituma, andika mahali matokeo unayotarajia: urefu sekunde 52, fremu 1,300, namba iruke kutoka 22 hadi 31, mlio uruke kutoka karibu 430 Hz hadi karibu 510 Hz. Usiyaandike baada ya kuona jibu. Ukishaona jibu ni rahisi mno kujiambia kwamba hicho ndicho ulichokuwa umekitaka.

Dalili ya 1: Jibu linasema “tayari”, lakini faili halipo

Sababu inayotokea zaidi ni namna ulivyouliza. Ukiandika “nawezaje kukata sekunde hizi?”, umeomba maelezo, na zana iliyokupa maelezo haijakudanganya. Rudia kwa kuamuru: kata, nipe faili. Anza mazungumzo mapya kabisa, kwa sababu maelezo yaliyotangulia huivuta zana iendelee kueleza.

Sababu ya pili ni kwamba zana haina mahali pa kuendeshea amri wala uwezo wa kutoa faili la video. Hapa utaona jibu lenye hatua zilizopangwa, pengine na amri ya `ffmpeg` iliyo sahihi kabisa, kisha sentensi kama “video yako sasa ina sekunde 52”. Sentensi hiyo haikutokana na kipimo. Ni hesabu ya 60 kutoa 8, na mtu yeyote anaweza kuitoa bila kuigusa video.

Ya tatu, ambayo ni ya haki kuichunguza kabla ya kulaumu, ni kiungo kilichokufa. Baadhi ya zana hufanya kazi kweli kwenye kompyuta yao ya muda, zinaandika faili huko, kisha zinakupa kiungo kinachoelekeza ndani ya kompyuta hiyo ambayo wewe huifikii au imeshafutwa. Omba faili litolewe upya na ulipakue papo hapo.

Kuna kipimo kimoja hapa nakipenda kuliko vingine, kwa sababu hakihitaji programu yoyote. Fungua mazungumzo mapya, usipakie video yoyote, kisha tuma ombi lile lile neno kwa neno. Zana iliyo sawa itakwambia haioni faili. Ikijibu “nimeondoa sekunde 23 hadi 31”, umeshajua kwamba maneno yake ya “nimefanya” hayana uhusiano na kazi. Unaweza pia kuomba kisichowezekana: pakia video ya sekunde 60 uitake iondoe sekunde ya 80 hadi ya 90. Zana iliyoifungua video itajua kwamba sekunde hizo hazipo.

Usipoteze muda kuiuliza “una hakika umefanya?” Utapata ama kiapo kingine ama ombi la msamaha, na vyote viwili ni maandishi tu.

Dalili ya 2: Faili lipo lakini halichezi

Tazama ukubwa wake kwanza. Baiti 0 maana yake jina liliumbwa na hakuna kilichoandikwa ndani. Likiwa na kilobaiti moja au mbili tu, lifungue kwa programu ya kuandikia matini. Mara nyingi utakuta sentensi za kawaida, au ukurasa wa kosa la tovuti, vilivyohifadhiwa kwa jina linaloishia na `.mp4`. Hayo ni maelezo yaliyovaa jina la video.

Likiwa na ukubwa wa kueleweka, lipe jina `jibu.mp4`, kisha uliulize hivi kwa `ffprobe`, inayokuja pamoja na `ffmpeg`:

```
ffprobe jibu.mp4
```

Ukiona `moov atom not found`, kuna uwezekano mkubwa kwamba kazi ilianza na haikumalizika, au upakuaji ulikatika njiani. Faili la mp4 huwa na sehemu ya orodha inayomwambia mchezaji, yaani programu ya kuchezea video, kila fremu iko wapi, na mara nyingi orodha hiyo huandikwa mwishoni. Ikikosekana, hata picha zikiwamo hazichezi. Pakua tena mara moja. Kosa likibaki, liandike kama “ilijaribu, haikumaliza”. Hilo ni tofauti na kueleza tu, na ukiyachanganya utakuwa umeionea zana.

Dalili ya 3: Inacheza, lakini sioni kilichobadilika

Mara nyingi sana mtu amefungua faili la zamani. Kivinjari hupakua kwa jina `jaribio (1).mp4` na yeye anabofya `jaribio.mp4`. Lipe faili jipya jina tofauti, liweke kwenye folda tupu, ulifungue kutoka hapo.

Likiwa kweli ndilo faili la zana, linganisha alama za mafaili yote mawili. Alama hii ni namba ndefu inayotokana na kila baiti iliyomo. Mafaili mawili yenye alama sawa ni kitu kimoja hata majina yakitofautiana.

```
sha256sum jaribio.mp4 jibu.mp4
```

Kwenye Windows andika `certutil -hashfile jibu.mp4 SHA256` kwa kila faili, na kwenye Mac `shasum -a 256`. Alama zikiwa sawa, mjadala umekwisha: umerudishiwa faili lako likiwa na jina jipya.

Alama zikitofautiana, usishangilie bado, na hapa ndipo vipimo vingi vya watu vinapoharibika. Kubadilisha kichwa cha video au tarehe yake kunatosha kubadilisha alama ya faili zima, ilhali picha na sauti hazijaguswa hata kidogo. Basi pima vilivyomo ndani, kila mkondo peke yake:

```
ffmpeg -v error -i jibu.mp4 -map 0 -c copy -f streamhash -hash md5 -
```

Fanya vivyo hivyo kwa `jaribio.mp4`. Utaona mstari wa `v` kwa picha na wa `a` kwa sauti. Mistari yote ikilingana na ya faili la awali, zana imebadilisha kasha tu. Ikitofautiana, kilichomo kimebadilika, lakini hata hilo halithibitishi uhariri: huduma nyingi hubana upya kila video inayopita kwao, hata kama hakuna kilichokatwa. Kilichobaki ni kuitazama namba iliyo kwenye picha.

Kwa mabadiliko ya rangi au mwanga jihadhari na macho yako mwenyewe. Ukishaambiwa “nimeing'arisha”, utaiona imeng'aa. Mpe mtu mwingine ayaite mafaili mawili A na B bila kukwambia lipi ni lipi, kisha useme wewe. Au iachie programu ilinganishe fremu kwa fremu, mradi video zote mbili zina urefu na ukubwa wa picha unaolingana:

```
ffmpeg -i jaribio.mp4 -i jibu.mp4 -lavfi ssim -f null -
```

Mwishoni kuna namba baada ya neno `All`. Ikiwa 1 kamili, picha ni zile zile. Ikiwa chini kidogo tu ya 1, inaweza kuwa ni athari ya kubana upya na si zaidi. Namba hii ni wastani wa video nzima, kwa hiyo mabadiliko ya sekunde chache au ya kona moja ya picha yanaweza kuzama ndani yake. Kwa hayo, simamisha video mahali ulipoomba yafanyike, uangalie.

Dalili ya 4: Kuna mabadiliko, lakini si niliyoyaomba

Hapa ndipo video ya kipimo inalipa gharama ya kuitengeneza. Turudi kwenye ombi letu la kuondoa sekunde 23 hadi 31. Hesabu fremu za jibu:

```
ffprobe -v error -count_frames -select_streams v:0 -show_entries stream=nb_read_frames -of csv=p=0 jibu.mp4
```

Tuseme umepata 1300. Urefu ni sekunde 52. Wengi huishia hapo na kuandika “imefaulu”. Icheze. Namba inakwenda 20, 21, 22, 23, 24, inapita 31 bila kuruka, inafika 51 na kuisha. Mlio nao unapanda bila mruko wowote. Zana imekata sekunde 8 za mwisho. Urefu uko sawasawa, na kazi si ile uliyoomba. Ungetumia video ya kawaida ukapima urefu peke yake, usingegundua.

Tuseme sasa urefu ni karibu sekunde 53, na namba inaruka kutoka 22 hadi 30 badala ya 31. Hapa zana imehariri kweli, ila imekata bila kuandika picha upya, yaani kwa njia ya `-c copy`. Video haihifadhi kila fremu ikiwa kamili. Kuna fremu kuu zilizo kamili, na zinazofuata huandikwa kama tofauti tu, kwa hiyo kipande kinachokatwa kwa njia hii lazima kianze kwenye fremu kuu. Kisimbaji cha `libx264`, ambacho `ffmpeg` hukitumia kwa kawaida kwenye mp4, kisipopewa maelekezo mengine huweza kuacha hadi fremu 250 kati ya fremu kuu mbili, na kwa fremu 25 kwa sekunde hizo ni sekunde 10. Ndiyo maana ukataji uliotakiwa kwenye 31 hurudi nyuma hadi fremu kuu iliyo karibu. Ukiona hivi, andika “imehariri, si kwa usahihi”, kisha iombe iandike picha upya badala ya kunakili.

Njia hiyo ya kunakili ina jambo jingine linalochanganya watu. Faili la mp4 linaweza kubeba maelekezo ya “anza kucheza kuanzia hapa”, na mchezaji mmoja akayafuata, mwingine akayapuuza. Ndiyo sababu mtu mmoja anasema kipande kimekatwa na mwenzake anasema bado anakiona, wote wawili wakisema kweli. Fungua kwa programu mbili tofauti kabla ya kubishana. Kugeuza video upande kunaweza kuwa vivyo hivyo: mara nyingine picha haijageuzwa, limeongezwa tu agizo la kuionyesha ikiwa imelala.

Hali ya mwisho ni adimu kidogo: namba inaruka vizuri kutoka 22 hadi 31, lakini mlio hauruki mahali pale pale. Picha imekatwa, sauti imeachwa kama ilivyokuwa au imekatwa mahali pengine. Kwenye video ya mtu anayeongea ungeona midomo imeachana na maneno kuanzia hapo hadi mwisho.

Dalili ya 5: Imesema imeondoa sauti, au imeweka maandishi

Kwa sauti, kimya unachosikia hakitoshi, huenda spika yako ndiyo imezimwa. Endesha hii:

```
ffmpeg -i jibu.mp4 -vn -af volumedetect -f null -
```

Kimya kamili husomeka kama `mean_volume: -91.0 dB`. Kama mkondo wa sauti umeondolewa kabisa, amri italalamika kwamba hakuna cha kupima, na hilo pia ni kufaulu. Ukipata namba kama -23, mlio wa video yetu ya kipimo bado umo ndani.

Kwa maandishi, kuna yaliyochomwa ndani ya picha na kuna yanayosafiri kama mkondo wake peke yake. Ya pili hayaonekani mpaka uyawashe kwenye mchezaji. Tazama kwenye `ffprobe` kama kuna mstari wa `Subtitle` kabla ya kusema hayakuwekwa.

Dalili ya 6: Leo imefanya, kesho inaeleza tu

Hili husumbua kwa sababu zana hizi hazijibu kwa namna moja kila mara, na baadhi hupewa uwezo wa kuendesha amri kwenye mpango mmoja wa huduma na kunyimwa kwenye mwingine. Rudia ombi la namna ile ile angalau mara tatu, kila mara kwenye mazungumzo mapya, na uhifadhi kila jibu pamoja na faili lake, yakiwamo yaliyoshindikana. Ukichagua lile moja lililokwenda vizuri ukalionyesha watu, kipimo chako hakina uaminifu zaidi ya sentensi ya “tayari, nimekata”. Badilisha pia sekunde unazoomba katika kila jaribio, maana jibu la kubuni likipatana na ukweli mara moja kwa bahati, halitapatana mara tatu.

Unapoandika matokeo, tumia maneno yanayotenganisha mambo: imeeleza na ikasema wazi kwamba inaeleza, imeeleza huku ikidai imefanya, imejaribu ikashindwa, imehariri vibaya, imehariri sawasawa. La kwanza halina kosa lolote. La pili ndilo la kuwaonya wenzako.

Mahali pa kusimama

Simama mara moja kama video uliyo nayo ndiyo nakala pekee. Iweke nakala mbili mahali tofauti, uchukue alama yake ya SHA-256, kisha ujaribu kwenye nakala. Zana ikikupa amri ya kuendesha kwenye kompyuta yako, angalia kama ina `-y`: hiyo huiambia `ffmpeg` ifute faili lililopo lenye jina la jibu bila kukuuliza. Amri usiyoielewa, hasa inayofuta au kuhamisha mafaili, usiiendeshe mpaka anayeijua aisome.

Kama video ni ushahidi wa polisi au wa mahakama, usiijaribu kabisa, hata kwa kukata tu mwanzo wake. Kila kuandikwa upya hubadilisha faili, na utakuwa umempa upande wa pili sababu ya kuikataa. Mwite mtaalamu wa ushahidi wa kidijitali na umkabidhi kifaa kilichorekodi kikiwa kama kilivyo.

Na kama ombi lilikuwa kuficha sura ya mtoto, ya mgonjwa, au ya shahidi, vipimo vyote vya hapo juu havitoshi. Ukungu unaweza kukosa fremu mbili tu mtu anapogeuza kichwa, na fremu mbili zinatosha kumtambulisha. Video ya namna hiyo ikaguliwe fremu kwa fremu na mhariri wa kazi hiyo kabla haijatoka mikononi mwako, na usiipakie kwenye huduma ya nje kama huna ruhusa ya mwenye sura.